Sikula Usiku, Mbona Sukari ya Asubuhi Iko Juu? Maswali Kuhusu Ukinzani wa Insulini

Ninafanya kazi kliniki ya kisukari, na swali linalorudi kila wiki huja na daftari. Mama mmoja wa miaka 52 alilifungua lake mezani kwangu na kuweka kidole kwenye mistari aliyoiandika kwa kalamu ya bluu. Saa 4 usiku, 7.8. Saa 12 asubuhi, 9.1. Siku nne mfululizo hali ni ileile: analala na sukari ya chini, anaamka na ya juu. Siku ya tano aliamua kutokula kabisa jioni, akanywa chai ya rangi isiyo na sukari akalala. Asubuhi kifaa kikasoma 8.9.

"Mwanangu," akaniambia, "ama mashine hii mbovu, ama kuna kitu hamjaniambia."

Mashine ilikuwa nzima. Kulikuwa na kitu hatujamwambia, na ndicho ninachokieleza hapa. Namba zote za sukari hapa ni za mmol/L. Kama kifaa chako kinasoma mg/dL, gawanya kwa 18.

Kama sikula, hiyo sukari imetoka wapi?

Imetoka kwenye ini lako.

Tumezoea kudhani kwamba sukari ya damu huingia kwa mdomo tu. Kumbe ini ni ghala na pia ni kiwanda. Ukila, huweka akiba ya sukari, kiasi cha gramu 100 hivi likijaa. Ukilala, huitoa akiba hiyo taratibu, na wakati huohuo hutengeneza sukari mpya kutokana na mabaki ya protini, mafuta na kazi ya misuli. Hufanya hivyo kwa sababu ubongo haulali njaa. Peke yake unatumia karibu gramu 5 za sukari kila saa, mchana na usiku. Ini lisingefanya kazi hii, hakuna ambaye angeamka.

Kwa mtu mzima wa kilo 70, ini hutoa takriban gramu 8 kwa saa usiku. Sasa linganisha na kiasi kilichomo kwenye damu. Lita 5 za damu zenye sukari ya 5 zina gramu 4 na nusu tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Sukari ikiwa 9, zinafika gramu 8 hivi. Tofauti kati ya asubuhi njema na asubuhi ya yule mama haifiki kijiko kimoja cha chai katika damu yake yote. Ndiyo maana ini likizidisha kidogo tu, kifaa huona.

Kuna jambo jingine la alfajiri. Kuanzia kama saa 9 au 10 usiku, mwili hujiandaa kuamka kwa kumwaga homoni kama kotisoli, ambazo huliambia ini liongeze sukari. Kwa mtu mzima wa afya, kongosho huongeza insulini kidogo na namba haisogei. Kwa mwenye ukinzani, inapanda.

Basi insulini inafanya nini hasa?

Wengi wameambiwa kwamba insulini ni ufunguo unaofungua seli ili sukari iingie. Si uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyomchanganya yule mama.

Insulini ni ujumbe wa shibe. Inatoka kwenye kongosho ikisema: chakula kimefika, acheni kutumia akiba, anzeni kuweka. Kila kiungo kinausikia ujumbe huo kwa namna yake. Misuli hufungua milango yake na kuingiza sukari. Mafuta huacha kuyeyuka. Ini huacha kutoa sukari na kuanza kuihifadhi. Na ini ndilo la kwanza kuupata, kwa sababu damu inayotoka kwenye kongosho hupita kwenye ini kabla ya kwenda kwingine kokote. Karibu nusu ya insulini huishia hapohapo.

Na ukinzani ni nini? Ni sawa na kukosa insulini?

Hapana, na tofauti hii ni kubwa. Mtu wa kisukari aina ya 1 hana insulini kwa sababu kinga ya mwili wake imeharibu seli zinazoitengeneza. Mwenye ukinzani anayo, mara nyingi kuliko jirani yake asiye na tatizo, ila viungo havisikii vizuri. Daktari Harold Himsworth wa London alionyesha mwaka 1936 kwamba kuna wagonjwa ambao insulini hushusha sukari yao haraka, na wengine ambao kipimo kilekile cha insulini hakiwafanyi kitu kikubwa.

Wengine huuita usugu wa insulini. Mimi nasema ukinzani, kwa sababu usugu watu huufikiria kama wa vijidudu na dawa.

Misuli inaingiaje?

Misuli ndiyo mnunuzi mkubwa wa sukari baada ya mlo. Ukila sahani ya ugali, sehemu kubwa ya sukari ile inatakiwa ihifadhiwe kwenye mapaja, makalio, mgongo na mabega. Misuli yote kwa pamoja inaweza kubeba gramu 400 hivi, mara nne ya ghala la ini. Milango yake ikigoma kufunguka, sukari hubaki ikizunguka kwenye damu. Hapo ndipo unapoona kipimo cha saa mbili baada ya kula kimefika 12 au 13 wakati ulitarajia chini ya 8.

Lakini misuli ina mlango wa pili, na hii ni habari njema ambayo watu hawaambiwi vya kutosha. Msuli unaofanya kazi hufungua milango yake wenyewe bila kusubiri insulini. Mkataa kusikia huyohuyo, ukimtembeza, anakula sukari. Na baada ya kazi, unabaki ukiisikia insulini vizuri zaidi kwa saa kadhaa, hata siku nzima au zaidi. Ukitembea dakika 20 baada ya mlo wa jioni na kupima, utauona mlango huo kwenye namba. Msuli usiotumika hupungua, na ukipungua ghala limepungua pia. Ndiyo maana mtu aliyelazwa wiki mbili anaweza kutoka na sukari mbaya kuliko aliyoingia nayo.

Kinachopanda ni sukari. Mbona mnalaumu mafuta?

Swali zuri, na jibu lake ndilo linalounganisha mengine yote.

Seli za mafuta si mzigo tu uliokaa. Kazi yake ni kuhifadhi nishati mahali salama, na insulini ndiyo inayozifunga mlango: shibe ipo, msitoe kitu. Mtu akiendelea kuweka zaidi ya anachotumia mwaka baada ya mwaka, zile za chini ya ngozi hujaa. Zikijaa haziisikii tena insulini vizuri, na mafuta huanza kuvuja kuingia kwenye damu hata pale ambapo mtu ameshiba. Yakishavuja lazima yaende mahali. Yanakwenda kwenye misuli na kwenye ini, sehemu ambazo hazikuumbwa kuwa ghala la mafuta.

Mafuta yakiwa ndani ya seli ya msuli, huvuruga ujumbe wa insulini katikati ya njia. Insulini imegonga, aliye mlangoni amesikia, lakini habari haifiki ndani. Kwenye ini hutokea jambo hilohilo, na zaidi: mafuta yanayofika huwa ni kuni za kile kiwanda, na masalia yake mengine ni malighafi ya kutengenezea sukari mpya. Kwa hiyo ini la yule mama lilikuwa halisikii amri ya kusimama, na huku linaletewa kuni usiku kucha. Kutokula jioni hakukumsaidia, kwa sababu kilichokuwa kinaliendesha hakikuwa kwenye sahani ya jana.

Halafu kuna jambo ambalo hata mimi lilinichukua muda kulielewa. Ini lenye ukinzani huwa kiziwi upande mmoja tu. Halisikii "acha kutoa sukari", lakini "tengeneza mafuta" bado linaisikia. Insulini inapozidi kuwa nyingi, ini huzidi kutengeneza mafuta, mengine yakabaki ndani yake na mengine yakatoka kwenye damu. Ndiyo maana karatasi ya vipimo mara nyingi huonyesha sukari na mafuta ya damu vimepanda pamoja, na kipimo cha picha kikaonyesha ini lenye mafuta kwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe.

Mimi ni mwembamba. Hayo yananihusu?

Yanaweza kukuhusu. Kinachoamua ni ghala lako la chini ya ngozi lina ukubwa gani, na hilo mtu hulipata kwa kurithi. Kuna mtu wa kilo 110 ambaye ghala lake bado lina nafasi na sukari yake haina shida. Kuna wa kilo 68 ambaye lake limejaa mapema, mikono na miguu myembamba lakini tumbo limetangulia mbele. Kitambi hicho kina maana kuliko mizani, kwa sababu mafuta yake yamezunguka matumbo, jirani na ini. Ukipima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani kila mwezi, utajifunza mengi kuliko kwa kupanda mizani kila asubuhi.

Wapo pia wembamba wenye kisukari ambao tatizo lao ni upungufu wa insulini na si ukinzani. Mtu anayekonda haraka, mwenye kiu kali na kukojoa sana, asijifariji kwamba ni ukinzani wa kawaida. Apimwe siku hiyohiyo.

Kongosho lina kosa gani?

Kwa muda mrefu halina kosa lolote. Linafanya kazi ya kupita kiasi ili kufunika makosa ya wengine.

Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vya seli vinavyofikia milioni moja hivi. Huitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani aliyevieleza mwaka 1869. Humo mna seli za insulini, na jirani zake za glukagoni, homoni inayoliambia ini litoe sukari. Viungo vinapoanza kukataa kusikia, kongosho huongeza sauti. Palipotosha insulini ya kiasi kimoja, linatoa mara mbili, mara tatu. Sukari inabaki ya kawaida. Ukipima miaka hiyo utaambiwa uko salama, na namba haidanganyi, ila haionyeshi jasho lililotoka kuipata.

Halafu seli za insulini huanza kushindwa. Nyingine ni za ukoo usio na akiba kubwa, nyingine huzidiwa na mafuta na sukari vyenyewe. Insulini inapopungua, hata glukagoni inakosa wa kuizuia, na ini sasa linapata amri ya kutoa sukari kutoka upande wa pili. Hapo ndipo namba hupanda. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulikadiria kwamba mtu anapogunduliwa kuwa na kisukari aina ya 2, kongosho lake limeshapoteza karibu nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo ukinzani peke yake hauleti kisukari. Kisukari huja siku ambayo kongosho limeshindwa kuufidia.

Nitajuaje kama ninao?

Mara nyingi hutasikia chochote. Kiu, kukojoa usiku, sisimizi kukusanyika chooni, hizo ni dalili za sukari iliyokwisha kupanda hadi figo zinaimwaga, kwa kawaida ikipita 10 hivi. Ukinzani huwa umeanza miaka mingi nyuma.

Alama moja huonekana kwa macho: ngozi nyeusi, nene, laini kama kitambaa cha mahameli, shingoni kwa nyuma na makwapani. Mama wengi humsugua mtoto kwa dodoki wakidhani ni uchafu. Si uchafu, ni insulini iliyozidi inayoikuza ngozi. Ukiiona kwa kijana mwenye uzito mkubwa, mpeleke akapimwe.

Hakuna haja ya kulipia kipimo cha insulini yenyewe. Matokeo yake hutofautiana kati ya maabara na maabara, na hayabadilishi matibabu. Kipimo cha sukari kabla ya kula kinatosha kuanzia: 7.0 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine kikabaki hapo, ni kisukari. Kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 ni hatua ya kabla yake. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, ni kizuri, na 6.5 kwa mia kwenda juu ni kisukari. Ila mwenye selimundu au upungufu wa damu amwambie mhudumu kwanza, kwa sababu kwake namba hiyo inaweza kudanganya.

Yule mama alifanyiwa nini?

Kwanza tulimrudishia chakula cha jioni. Kulala njaa kulikuwa kunamfanya asubuhi ale vitumbua vinne na chai ya maziwa, na sukari ya saa 4 asubuhi inafika 14. Tukapunguza wanga wa jioni, ngumi moja ya ugali badala ya mbili na nusu, mboga na dagaa vikaongezeka, na mlo ukasogezwa hadi saa 12 na nusu.

Pili, matembezi baada ya kula. Alichagua kwenda kwa dada yake na kurudi, dakika 25. Hiyo ilikuwa dawa ya misuli, na namba ya saa 4 usiku ndiyo iliyoshuka kwanza, ikafika 6.5.

Ya asubuhi haikutikisika. Kwake ilihitajika metformini, ambayo kazi yake kubwa ni kulipunguzia ini kasi ya kutoa sukari. Daktari alimwanzishia kidonge kimoja cha miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, kisha akaongeza taratibu, maana ukianza na nyingi tumbo huvuruga na watu huitupa dawa. Alipimwa figo kwanza, kwa sababu figo zikiwa dhaifu sana dawa hii haifai. Jirani yake alikuwa akitumia glibenklamidi na alitaka hiyo hiyo. Tulimweleza kwamba ile hulikamua kongosho litoe insulini zaidi, na inaweza kushusha sukari kupita kiasi, wakati metformini ikitumika peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Baada ya miezi saba alikuwa ametoka kilo 84 hadi 77. Daftari lilisoma 6.3 asubuhi.

Ukinzani unaweza kurudi nyuma kabisa?

Kwa wengi unapungua sana, na kinachoanza kupona ni ini. Mwaka 2011 Profesa Roy Taylor na wenzake wa Newcastle, Uingereza, waliwapa watu 11 wenye kisukari aina ya 2 chakula cha kalori 600 hivi kwa siku. Sukari ya asubuhi ilirudi kawaida ndani ya wiki moja, kwa sababu mafuta ya ini huondoka upesi. Kongosho lilichukua muda mrefu zaidi, wiki nane, kuanza kujibu chakula vizuri.

Utafiti mkubwa zaidi uliofuata, matokeo yake yakatoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliopunguza uzito kwa mpango kama huo walikuwa hawana tena kiwango cha kisukari baada ya mwaka mmoja, bila dawa. Lakini hao walikuwa wamegunduliwa ndani ya miaka sita na hawakuwa wakichoma insulini. Mtu wa miaka 15 na ugonjwa huenda kongosho lake halina tena cha kuamsha, na kumwambia ajitahidi tu ni kumwonea. Na usijaribu kalori chache hivyo peke yako ukiwa unatumia glibenklamidi au insulini, sukari inaweza kushuka ukaanguka.

Nikifunga Ramadhani, ini litafanya nini?

Litafanya kile linachofanya usiku, ila mchana. Ndiyo maana wengine hushangaa kuona 9 saa 10 jioni wakati hawajaonja hata maji. Sukari hiyo ni ya ini, na haimaanishi saumu imekudhuru.

Hatari iko pande mbili. Upande mmoja ni wanaotumia dawa za kukamua kongosho au insulini: hao waonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili dozi zipangwe upya. Upande wa pili ni futari. Tende, uji wa sukari, viazi, mihogo ya nazi, tambi na maandazi vikishuka kwa pamoja kwenye misuli iliyokaa kutwa, hakuna kongosho lililochoka litakaloweza kuvibeba. Fungua kwa tende moja na maji, swali, kisha ule, na uchague wanga mmoja. Kutembea kwenda tarawehe na kusimama humo ni kazi ya misuli inayohesabika.

Pima ukiwa umefunga. Miongozo ya kisukari ya Ramadhani inasema kuchoma kidole hakubatilishi saumu. Miongozo hiyohiyo inasema ufungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, hata kama zimebaki dakika kumi adhana iadhiniwe.